Herufi Zenye Ukungu Kwenye Kioo Kizuri

Kosa linaloharibu maandishi kwenye kompyuta yenye kioo kizuri mara nyingi hufanywa kwa nia njema. Mtu ana kompyuta mpakato ya inchi 14, kioo chake kina nukta 2880 kwa 1800. Herufi anaziona ndogo mno, basi anaingia kwenye Settings na kushusha rezolusheni hadi 1920 kwa 1200. Herufi zinakuwa kubwa kweli, lakini zinaingia ukungu. Anafuta kioo kwa kitambaa, ukungu uko pale pale.

Nukta hizo, ambazo mafundi huziita pikseli, zimepangwa kiwandani na hakuna kitufe kinachozipunguza. Rezolusheni ikishushwa, Windows huchora picha yenye nukta 1920 kwa upana, kisha picha hiyo hutandazwa juu ya nukta 2880 zilizopo. Kila nukta iliyochorwa inatakiwa ifunike nukta moja na nusu ya kioo. Kwa kuwa nusu nukta haiwezi kuwaka peke yake, rangi za nukta jirani huchanganywa, na mstari mweusi mwembamba huishia kuwa na kingo za kijivu. Kioo kina nukta zaidi ya milioni 5, lakini picha inayoonyeshwa imechorwa kwa nukta milioni 2.3 tu.

Dawa yake iko kwenye ukurasa huohuo, mstari mwingine. Kwenye Windows 11, mtu hufungua Settings, kisha System, kisha Display. Penye Display resolution huchagua ile iliyoandikwa Recommended, ambayo kwa kawaida ndiyo idadi halisi ya nukta za kioo, na kuiacha hapo. Ukubwa wa herufi hurekebishwa penye Scale.

Tofauti ya mistari hiyo miwili ni kubwa. Scale haitandazi picha ndogo. Inaziambia programu zichore kila kitu kikiwa kikubwa zaidi tangu mwanzo, kwa kutumia nukta zote. Msukaji wa mkeka anayetaka kuandika neno kwa miyaa ya rangi analijua jambo hili: kwa miyaa mipana, herufi O hutoka na pembe kama ngazi, lakini kwa miyaa myembamba iliyo mingi, mviringo wake unaonekana. Scale ikiwa 200%, herufi iliyokuwa na kimo cha nukta 12 hupewa nukta 24, na mkunjo wake unapata mahali pa kupita.

Asilimia ipi inafaa? Windows huhesabu 100% kwa kioo chenye nukta 96 katika kila inchi. Kioo chetu cha inchi 14 kina takriban nukta 243 kwa inchi, kwa hiyo hesabu kavu ingetaka 250%. Lakini kompyuta mpakato hukaa karibu na macho kuliko kioo cha mezani, na kwa watu wengi 200% inatosha. Hapo nafasi ya kufanyia kazi inakuwa sawa na ya kioo cha nukta 1440 kwa 900. Mhasibu anayehitaji kuona safu nyingi za Excel kwa pamoja anaweza kushuka hadi 175%, akapata nafasi ya takriban 1645 kwa 1028. Maandishi yatabaki makali, kwa sababu herufi za kisasa ni michoro ya mistari inayoweza kuchorwa kwa kimo chochote. Kinachoweza kulegea ni picha ndogo za vitufe, ambazo programu nyingine huwa nazo kwa vimo vichache tu. Baada ya kubadilisha, inafaa kutoka kwenye akaunti na kuingia tena, kwa sababu baadhi ya programu husoma kipimo hicho mara moja tu, pale mtu anapoingia.

Hata baada ya hapo, huenda programu moja ikabaki na ukungu huku nyingine zote zikiwa safi. Mara nyingi huwa ni ya zamani: programu ya hesabu za duka, ya kuchapisha risiti, ya matokeo ya shule. Iliandikwa wakati vioo vyote vilikuwa karibu na nukta 96 kwa inchi, na haijui neno lolote kuhusu ukuzaji. Windows huiacha ichore kwa kipimo chake cha zamani, kisha inaivuta ile picha. Ni ugonjwa uleule wa mwanzo, isipokuwa umekaa ndani ya dirisha moja.

Matibabu yake hufanywa kwenye faili la programu yenyewe. Mtu hulibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua Properties, kisha Compatibility, kisha Change high DPI settings. Chini kuna kisanduku cha Override high DPI scaling behavior chenye chaguo tatu. System (Enhanced), iliyokuja na Windows 10 mwaka 2017, ndiyo ya kujaribu kwanza, kwa kuwa huchora upya maandishi ya programu nyingi za zamani kwa ukubwa unaotakiwa. Isiposaidia, kuna Application: hiyo huzuia Windows kuvuta picha, maandishi yanakuwa makali, ila programu isiyojua kujikuza hubaki ndogo mno kusomeka. Hapo mtumiaji atachagua kati ya ukubwa na ukali mpaka mtengenezaji atoe toleo jipya.

Kulainisha kingo za herufi huja mwisho. Windows hutumia ClearType, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 1998. Kila nukta ya kioo ina vitaa vitatu: chekundu, kijani na buluu. ClearType huviwasha kimoja kimoja kwenye kingo za herufi, na hivyo kupata hatua tatu mahali palipokuwa na moja. Kuirekebisha, mtu hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha huandika:

```
cttune
```

Kurasa kadhaa za mifano hutokea, naye huchagua maandishi anayoyaona vizuri zaidi, akiwa ameketi umbali wake wa kawaida wa kazi.

Hila hii inadhani vitaa hivyo vimesimama bega kwa bega, chekundu, kijani, buluu. Vioo vingi vya OLED havijapangwa hivyo, na matokeo yake ni utepe mwembamba wa rangi pembeni mwa herufi. Anayeuona azime ClearType kwenye ukurasa wa kwanza wa cttune. Hatapoteza kingi, kwa sababu nukta zikiwa nyingi hivyo, msaada wake ni mdogo. Apple iliacha ulainishaji wa aina hiyo kwenye macOS Mojave mwaka 2018. Word nayo, tangu toleo la 2013, hulainisha kwa kijivu tu, hivyo asishangae mtu akirekebisha ClearType na kuona Word haijabadilika.

Kwa ufupi, ukungu ukiwa kila mahali, hata kwenye saa iliyo pembeni ya kioo, tatizo ni rezolusheni. Ukiwa kwenye dirisha moja, tatizo ni programu. Kingo zikiwa na rangi, iangaliwe ClearType.

Yote haya yanawafaa wenye vioo vya nukta nyingi. Kompyuta ya inchi 15.6 yenye nukta 1366 kwa 768 ina takriban nukta 100 tu kwa inchi. Mwenye nayo aache Scale kwenye 100%, arekebishe ClearType kwa makini, na asitegemee zaidi ya hapo.