Kutoa pesa ATM bila kadi: msimbo ule ndiyo kadi yenyewe

Ijumaa moja nilishuka Mtwapa saa nne usiku nikitokea Malindi, na pochi yangu nimeisahau kwa dada, kadi ya benki ikiwa ndani. Fundi aliyeniezekea paa alikuwa anasafiri alfajiri na nilikuwa na deni lake la shilingi 4,000. Kumtumia kwa simu hakutaka, kwani ana deni la Fuliza na kila kiingiacho hukatwa. Alitaka noti mkononi. Mawakala wa M-PESA wote walikuwa washafunga.

Nikaenda kwa mashine ya ATM. Kadi sina, lakini simu ninayo, na pesa zimo kwa M-PESA. Nikaingia kwenye Withdraw Cash, nikachagua ATM badala ya wakala, nikaweka nambari ya wakala ya benki ile iliyobandikwa pale kwenye mashine, kisha PIN yangu. Punde nikaletewa ujumbe wenye msimbo.

Nikakosea hapo. Mbele yangu walikuwa watu watatu. Zamu yangu ilipofika msimbo ulikuwa ushakufa, mashine ikaukataa. Hufanywa uishe kwa dakika chache makusudi, ili aliyeuona asipate muda wa kuutumia. Pesa zangu zilikuwa palepale, hazijakatwa. Nikaomba mwingine nikiwa nimesimama mbele ya mashine, nikabonyeza sehemu ya Cardless, nikaandika nambari yangu ya simu na ule msimbo. Noti zikatoka. Ada ilikuwa shilingi 69, sawa na ya wakala kwa kiasi hicho. Lakini si sawa kila mara: ukitoa 2,000, wakala hukata 29 na mashine 35.

Sasa tazama kilichofanyika. Mimi ndiye niliyethibitisha kwa PIN, lakini kwenye simu, si kwenye mashine. Mashine haikuniuliza kitambulisho wala haikujua sura yangu. Ilitaka vitu viwili tu, nambari ya simu na msimbo. Nambari yangu ya simu iko kwa kila mtu. Kwa hivyo ule msimbo peke yake ndio ulionitenga mimi na mwizi.

Na hapo ndipo wanapoingilia matapeli. Jirani yangu, mama wa makamo, alipigiwa simu akaambiwa ameshinda zawadi, na kwamba ili aipokee afuate maelekezo. Akaongozwa hatua kwa hatua: ingia hapa, weka nambari hii, weka PIN yako wala usinitajie. Hilo la mwisho ndilo lililompa imani. "Sasa nisomee tu nambari iliyokuja," akaambiwa. Akasoma. Aliyekuwa upande wa pili bila shaka alikuwa amesimama mbele ya mashine. PIN hakuitoa, na pesa zilikwenda.

Benki kadhaa zina njia nyingine, ya msimbo wa QR, kile kisanduku chenye vidoa vyeusi na vyeupe. Hapa mwendo ni wa kinyume. Huleti kitu kutoka kwa simu ukakiandika kwenye mashine. Mashine ndiyo inayoonyesha QR kwenye kioo, nawe unaipiga kwa kamera ukiwa ndani ya programu ya benki yako. QR ile huiambia benki ni mashine gani na ni shughuli gani inayosubiri. Wewe unathibitisha kwa PIN au alama ya kidole, na benki inaiamuru mashine itoe. Hakuna nambari ya kusomewa mtu kwa simu, ndiyo maana mimi naiona salama zaidi.

Lakini nayo ina mlango wake. Ukitumiwa picha ya QR kwa WhatsApp ukaambiwa uipige na uthibitishe, jua noti zinaweza kumtokea aliyesimama mbele ya mashine ile, si wewe. QR ya kutolea pesa iko ndani ya kioo na hubadilika kila mara. Iliyochapwa kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa mashine, usiiguse.

Kuna na lile la mashine kukata pesa bila kutoa noti. Usikimbilie kuomba msimbo wa pili. Subiri kwanza mpaka kioo kirudi mwanzo, maana noti huweza kuchelewa kutoka na atakayezichukua ni anayekufuata. Zisipotoka, andika saa na mahali mashine ilipo, uuhifadhi ujumbe wa kukatwa, kisha upige simu kwa nambari unayoijua mwenyewe, si ile iliyobandikwa usiku ule kwa gundi.

Fundi nilimpa noti zake usiku uleule, akazihesabu mara mbili. Msimbo nao uhesabu kama noti: hata wa jamaa yako unaposomwa kwa simu, ushatoka mkononi mwako.