Kukata Jina Kamili kwa Fomula

Tuchukue orodha fupi ya majina, yote katika safu A ya lahajedwali, kila jina kamili ndani ya seli moja: Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, Mwl. J.K. Nyerere, Julius Kambarage Nyerere, Daniel arap Moi, Bibi Titi Mohamed. Tunataka safu tatu: jina la kwanza, la kati na la mwisho. Fomula ambayo wengi hufundishwa kwanza ni hii:

```
=LEFT(A2,FIND(" ",A2)-1)
```

FIND inatafuta nafasi ya kwanza, LEFT inachukua herufi zilizo kabla yake. Kwa Julius Kambarage Nyerere inatoa Julius, sawasawa. Kwa Rais Samia inatoa "Mhe.", na kwa mtu aliyeandika jina moja tu inatoa #VALUE!, kwa sababu hakuna nafasi ya kutafutwa. Kisu hiki si kibaya, ila kimewahi mno. Jina linahitaji kutayarishwa kabla halijakatwa, na kazi kubwa iko hapo. Ndiyo maana napendelea safu kadhaa zinazofuatana, kila moja na kazi yake, kuliko fomula moja ndefu ambayo hakuna awezaye kuikagua.

Tuanze na usafi. Katika B2 andika:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "),"."," "))
```

TRIM huondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, na zile za katikati zilizorudiwa huziacha moja moja. Lakini haiigusi nafasi yenye namba 160, ambayo huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nafasi ya kawaida. Utaigundua pale ambapo majina mawili yanayofanana kabisa yanapotoa majibu tofauti. SUBSTITUTE ya ndani inaigeuza iwe nafasi ya kawaida. Ya pili inageuza kila nukta kuwa nafasi. Hivyo "Mwl. J.K. Nyerere" inakuwa "Mwl J K Nyerere", na hata aliyeandika "Dkt.Asha" bila kuacha nafasi anapata maneno mawili.

Sasa vyeo. Andika orodha yake katika safu J, kuanzia J2, bila nukta: Mhe, Dkt, Prof, Mwl, Mch, Bw, Bi na vingine unavyokutana navyo. Katika C2:

```
=IF(ISNUMBER(MATCH(LEFT(B2,FIND(" ",B2&" ")-1),$J$2:$J$30,0)),
 MID(B2,FIND(" ",B2&" ")+1,100),B2)
```

Isome polepole. LEFT inachukua neno la kwanza; ile &" " inaongeza nafasi mwishoni ili FIND isikwame kwenye jina la neno moja. MATCH inalitafuta neno hilo katika orodha, bila kujali herufi kubwa au ndogo, kwa hiyo DKT na Dkt ni kitu kimoja kwake. Likipatikana, MID inatoa kilichobaki baada yake. Lisipopatikana, jina linapita kama lilivyo. Ukiinakili C2 kwenda D2, fomula inarudia kazi ileile juu ya matokeo ya C2. Katika C2 "Mhe" imeondoka, katika D2 "Dkt" inaifuata, na anabaki Samia Suluhu Hassan.

Orodha hii ya vyeo ndiyo inayotaka busara zaidi. Haji ni heshima ya aliyekwenda Makka, lakini pia ni jina ambalo watu wengi wamepewa tangu kuzaliwa, hasa Zanzibar. Ukiliweka katika safu J, Haji Ali Haji atapoteza jina lake mwenyewe na kubaki Ali Haji. Mzee nalo ni hivyohivyo. Na Bibi Titi Mohamed, mwanasiasa wa TANU, anajulikana kote kwa maneno mawili ya mwanzo pamoja; kumwandika Titi tu ni kumpunguza. Kanuni ninayoifuata ni kuweka katika safu J vile tu ambavyo havitumiki kamwe kama jina la mtu, na vyenye mashaka kuviacha vipite nivisome kwa macho. Cheo kilichobaki kimakosa hurekebishwa kirahisi. Jina lililoliwa na fomula halionekani kwamba limepotea, na mwenyewe huligundua siku anapokabidhiwa cheti.

Kuna pia maneno yasiyotaka kutenganishwa na linalofuata: arap, wa, ole, bin. Tukikata bila kuyashika, Daniel arap Moi atakuwa na jina la kati "arap". Dawa ni kuyafunga kwa mstari wa chini kabla ya kukata. Katika E2:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2," arap "," arap_")," wa "," wa_")," ole "," ole_")," bin "," bin_")
```

Hapa SUBSTITUTE, tofauti na MATCH, inajali ukubwa wa herufi: aliyeandika "Arap" hataguswa, kwa hiyo ongeza tabaka kwa kila namna inayotokea katika orodha yako.

Baada ya hapo kukata ni kwepesi. F2 ni jina la kwanza, G2 la mwisho, H2 la kati:

```
=LEFT(E2,FIND(" ",E2&" ")-1)
=IF(F2=E2,"",TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(E2," ",REPT(" ",100)),100)))
=TRIM(MID(E2,LEN(F2)+1,LEN(E2)-LEN(F2)-LEN(G2)))
```

Ya pili ni ufundi wa zamani unaostahili kueleweka. Excel mpya zina TEXTAFTER, inayotoa moja kwa moja kilicho baada ya nafasi ya mwisho, lakini kompyuta nyingi za ofisini hazina. Kwa hiyo tunaipanua kila nafasi iwe nafasi 100. Julius Kambarage Nyerere, mwenye herufi 22 na nafasi mbili, anakuwa na urefu wa 222. RIGHT inachukua 100 za mwisho: nafasi 93 na herufi saba za Nyerere. TRIM inafuta nafasi, linabaki jina. IF ya mwanzo inazuia mwenye jina moja asipewe jina hilo mara mbili. Jina la kati ni chochote kilichobaki baina ya hayo mawili, liwe neno moja, mawili au hakuna. Ukishamaliza, rudisha mstari wa chini kuwa nafasi kwa SUBSTITUTE(G2,"_"," "), na uifanyie H2 vivyo hivyo.

Mwl. J.K. Nyerere atatoka na jina la kwanza J na la kati K. Fomula haiwezi kujua kwamba J ni Julius. Hapo ni kumuuliza mhusika au kutafuta daftari jingine.

Kwa ukaguzi, hesabu maneno yaliyobaki:

```
=LEN(E2)-LEN(SUBSTITUTE(E2," ",""))+1
```

Chuja mistari yenye 1, na yenye 4 au zaidi, uisome yote. Yenye 2 na 3 kwa kawaida iko salama, isipokuwa orodha imetoka mahali ambapo jina la ukoo hutangulia, kama fomu nyingi za Kongo, Rwanda na Burundi. Huko mara nyingi jina hilo huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na =EXACT(F2,UPPER(F2)) itakuonyesha TRUE katika mistari hiyo. Kama orodha nzima iko hivyo, badilisha vichwa vya safu F na G. Kama imechanganyika, igawe kwanza kwa alama hiyo, ukikumbuka kwamba herufi moja kama J nayo itasoma TRUE. Marekebisho ya mkono yafanye mwisho kabisa, baada ya kubandika matokeo kama thamani tupu, na safu A ibaki kama watu walivyoiandika wenyewe.