Njia ya Siri: Taharuki na Umbea katika Tamthilia ya Familia ya Kila Wiki

Utangulizi

Tamthilia ya televisheni inayorushwa mara moja kwa wiki hukabiliwa na tatizo ambalo riwaya hailijui. Msomaji wa riwaya akifika mwisho wa sura hufunua ukurasa unaofuata, ilhali mtazamaji wa tamthilia hiyo hungoja siku saba. Katika siku hizo husahau baadhi ya mambo na kutazama vipindi vingine, na pengine sehemu inayofuata ikampita kabisa. Kwa hiyo msuko hulazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja: kumfanya mtazamaji atake kurejea, na kumkumbusha alikoachia bila kumchosha jirani yake ambaye hakusahau chochote.

Makala hii inafafanua namna kazi hizo mbili zinavyotekelezwa na nyenzo moja katika tamthilia za familia za Kiswahili, nayo ni umbea. Hoja inayoongoza mjadala ni kwamba taharuki katika tamthilia za aina hii haitegemei sana ukubwa wa siri. Hutegemea zaidi urefu wa njia ambayo siri hupitia kabla ya kumfikia yule anayestahili kuijua, na njia hiyo huchorwa na taratibu za heshima baina ya ndugu, wakwe na majirani.

Fumbo na taharuki

Ni muhimu kutofautisha hali mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Katika fumbo, mtazamaji hajui jambo ambalo mhusika fulani analijua. Hamu yake ni ya kufichuliwa. Katika taharuki, mtazamaji tayari anajua, na anayengojwa kujua ni mhusika. Hali ya kwanza hufaa filamu ya saa mbili. Ikinyooshwa kwa wiki kumi, mtazamaji hukisia jibu au huacha kujali. Hali ya pili huvumilia muda, kwa sababu kila mhusika mpya anayeingia katika mzunguko wa siri huzua swali jipya: Atamwambia nani? Atalielewaje jambo lenyewe? Atalitumia kwa faida gani?

Mfano unaofahamika ni Siri ya Mtungi, tamthilia ya Tanzania iliyoanza kurushwa mwaka 2012, yenye sehemu 26 na mandhari yake makuu yakiwa Bagamoyo. Kiini chake ni familia ya Cheche, mpiga picha aliye na mke, aitwaye Cheusi, na baba mkwe mwenye wake wengi, Mzee Kizito. Jina la tamthilia linamtangazia mtazamaji kwamba ipo siri. Aidha, kazi ya mhusika mkuu inampa sababu ya kawaida ya kuingia katika shughuli za watu na kuyaona wanayoyaonyesha pamoja na wasiyotaka yaonekane. Kwa hiyo mwandishi hahitaji kubuni kila mara sadfa ya kumkutanisha mhusika na habari. Kamera mkononi inatosha.

Umbea kama msuko

Robert C. Allen, katika uchunguzi wake wa tamthilia za mfululizo za Kimarekani uliochapishwa mwaka 1985, alionyesha kwamba tukio moja katika tamthilia hizo husimuliwa tena na tena na wahusika mbalimbali. Mtazamaji mgeni huona marudio matupu, ilhali mzoefu hutambua kwamba nani anamsimulia nani ni jambo zito sawa na kinachosimuliwa. Maelezo hayo yanaafiki tamthilia za Kiswahili, lakini hapa kuna nyongeza. Katika familia nyingi za pwani na bara ya Afrika Mashariki, si kila mtu anaruhusiwa kumwambia yeyote jambo lolote. Mke hamkabili mama mkwe kwa shutuma dhidi ya mwanawe. Baba hazungumzi na binti yake habari za unyumba. Palipo na mlango uliofungwa kwa heshima hufunguka dirisha la pembeni: wifi, shoga, somo, au bibi mwenye ruhusa ya utani. Habari zenye aibu hupitia madirisha hayo, na kila dirisha huichelewesha habari na kuibadilisha kidogo.

Hapa ndipo umbea unapofanya kazi zake mbili. Kwa mhusika ni upashanaji wa habari, na kwa mtazamaji ni ukumbusho. Wanawake wawili wanapochambua mchele ukumbini na mmoja kumsimulia mwenzake yaliyotokea juzi, aliyekosa sehemu iliyopita huelezwa. Aliyeitazama naye anapata kitu kipya, yaani upotoshaji. Yeye aliona tukio lenyewe, kwa hiyo anasikia wazi pale mbea anapoongeza chumvi. Marudio yasiyo na upotoshaji humsaidia mtazamaji wa kwanza peke yake.

Kielelezo cha sehemu nne

Ili utaratibu huu uonekane hatua kwa hatua, kielelezo kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala hii. Idrisa, kijana mwenye mke aitwaye Mwanaidi, anaishi katika nyumba iliyoachwa na marehemu baba yake. Mama yake, Bi Salma, ndiye mtunzaji wa hati ya nyumba. Dada yake, Zuhura, ameachika na amerejea nyumbani. Jirani yao ni Bi Tatu.

Katika sehemu ya kwanza, Idrisa anaitoa hati sandukuni kwa mama yake na kuiweka rehani ili apate mtaji wa duka. Mkopeshaji anampa miezi mitatu. Wanaojua ni Idrisa, mkopeshaji na mtazamaji. Sehemu inakatika Bi Salma akiwa ameshika ufunguo wa sanduku, akitafuta khanga ya kwendea msibani. Swali lililoachwa ni la tukio: je, ataona kwamba hati haipo?

Sehemu ya pili inalijibu swali hilo mapema: Bi Salma anachukua khanga iliyo juu na kulifunga sanduku. Jibu hilo ni dogo, hivyo mwandishi analazimika kulipa kwa jambo kubwa zaidi. Zuhura anamwona kaka yake akitoka katika nyumba asiyoijua, mwanamke akimsindikiza mlangoni. Mtazamaji anajua kwamba mwanamke huyo ni mke wa mkopeshaji. Zuhura hajui, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliachika kwa sababu ya hawara, anaona kile alichokwisha kukipitia. Jioni anamwambia Bi Tatu. Sehemu inakatika Bi Tatu akiuliza, “Na mkewe anajua?” Swali sasa ni la tafsiri: uongo huu utafika wapi?

Katika sehemu ya tatu, habari inamfikia Mwanaidi kupitia kwa shoga yake aliyeisikia kwa Bi Tatu, na sasa mwanamke wa mlangoni amekwisha kupewa mimba. Mwanaidi hawezi kumwendea mama mkwe. Anamwendea somo wake, ambaye anamshauri anyamaze na kuchunguza. Anaanza kupekua mifuko ya mumewe na anakuta karatasi yenye kiasi cha fedha na tarehe. Mtazamaji anajua kwamba ni ratiba ya marejesho. Mwanaidi anaamini kuwa ni matunzo ya mwanamke wa pili. Ushahidi wa kweli umeunga mkono tuhuma ya uongo.

Sehemu ya nne inaleta kikao cha familia. Bi Salma, aliyepata habari kwa Zuhura, anamtaka mwanawe aseme ukweli kuhusu hawara. Idrisa anatambua kwamba amefunguliwa mlango wa kutokea: akikiri hawara asiyekuwepo, karatasi itapata maelezo na hati itabaki siri hadi atakapolipa. Akikana, itabidi aeleze fedha hizo ni za nini. Sehemu inakatika kabla hajafungua kinywa. Swali limekuwa la uamuzi, na gharama zake zote zinajulikana. Upande mmoja ni ndoa ya Mwanaidi. Upande wa pili ni paa linalomfunika mama.

Kielelezo hiki kinadhihirisha mambo mawili. Kwanza, siri yenyewe haikubadilika tangu sehemu ya kwanza. Kilichokua ni umbali kati ya kinachojulikana na kinachosemwa. Pili, maswali ya mwisho wa sehemu yamepanda daraja, kutoka tukio hadi tafsiri, kutoka tafsiri hadi ushahidi, na kutoka ushahidi hadi uamuzi. Endapo sehemu zote nne zingekatika kwa swali la sanduku, mtazamaji angechoka kufikia wiki ya tatu.

Siku saba za mtazamaji

Wolfgang Iser, akizungumzia riwaya zilizochapishwa kwa mfululizo, alieleza kwamba ukatizaji humlazimu msomaji kujaza pengo kwa kufikiri kwake mwenyewe. Mtazamaji wa tamthilia ya wiki hujaza pengo hilo akiwa pamoja na wenzake, kazini au kwenye daladala. Anafanya jambo lile lile alilolifanya Bi Tatu: anasimulia, anahukumu na kubashiri, kwa tofauti kwamba yeye anaamini anaujua ukweli. Tamthilia ya kila siku, kama Maria iliyoanza kurushwa na Citizen TV nchini Kenya mwaka 2019, huacha pengo fupi siku za kazi na inaweza kutegemea kasi ya matukio. Ile ya kila wiki haiwezi. Inalazimika kumwachia mtazamaji jambo linalojadilika, yaani lenye pande mbili zinazoweza kutetewa. “Je, atakufa?” ni swali la kungojewa tu, lakini “Wewe ungekiri?” hugawanya watazamaji.

Kasoro na namna ya kuzitambua

Utaratibu huu huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni ukimya usio na sababu: siri hudumu kwa kuwa wahusika hawasemezani, ingawa hakuna heshima wala hofu inayowazuia. Dalili yake ni mtazamaji kusema, “Si angemwambia tu!” Katika kielelezo, Mwanaidi angeweza kumuuliza mumewe, bila ushauri wa somo na hofu ya talaka, sehemu ya tatu ingeanguka. Kasoro ya pili ni mbea asiye na haja. Mhusika anayebeba habari kwa sababu tu mwandishi anataka zifike hana uzito. Zuhura anaaminika kwa kuwa umbea wake unatoka katika jeraha lake. Ya tatu ni ukatizaji wa hadaa, ambapo hatari ya mwisho wa sehemu hufutwa mwanzoni mwa inayofuata bila kuacha athari. Hila hiyo inaweza kuvumiliwa mara moja, kama ilivyo kwa khanga. Ikizoeleka, mtazamaji huacha kuuamini mwisho wowote.

Mtafiti anaweza kuzibaini kasoro hizo kwa kuandaa jedwali lenye safu ya kila mhusika na mstari wa kila sehemu, na kuandika katika kila chumba anachokijua mhusika, anachokiamini kimakosa, na aliyemwambia. Sehemu ambayo haibadilishi chumba hata kimoja haina kazi katika msuko, hata ikiwa na vilio na ugomvi. Jedwali hilo lina mipaka yake: halipimi uigizaji wala muziki, na mtazamo wa kamera unaweza kumfahamisha mtazamaji jambo ambalo hakuna mhusika aliyelitamka.

Hitimisho

Umbea katika tamthilia ya familia ya kila wiki ni njia inayopitisha maarifa, inayoyachelewesha na kuyapotosha, na kwa kufanya hivyo huzaa taharuki. Ufafanuzi huu una tokeo moja kwa uhakiki. Wahusika wanaoitwa wadogo, kama jirani, wifi na shoga, ambao aghalabu huwekwa katika kundi la wajenzi na kupewa aya moja katika tasnifu, ndio wanaoishikilia saa ya msuko. Bi Tatu akiondolewa katika kielelezo, Zuhura hana wa kumwambia jioni ile, habari haimfikii shoga wa Mwanaidi, na kikao cha familia kinaitishwa bila mke kuwa na karatasi mkononi. Uchambuzi unaoanza kwa mhusika mkuu peke yake utaieleza siri na kuiacha njia yake bila maelezo.