Kumbukumbu ya Akili Mnemba: Daftari Linasaidia Kweli? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona programu ya maongezi inavyojitungia daftari la mteja: mazungumzo yakiisha huhifadhi yanayofaa, na mteja akirudi huyatafuta. Leo tulipime daftari hilo.

Tumbuni mfugaji wa kuku wa nyama wa Chamazi, Temeke, anayeagiza chakula cha kuku dukani kwa simu, kupitia programu hiyo. Katika mazungumzo ya tatu anataja anapokaa. Katika ya kumi na moja anasema amehamia Bunju, Kinondoni. Katika ya ishirini anaagiza mifuko kumi, na sisi tunauliza: mzigo upelekwe wapi? Tutunge wateja 40 wa namna hiyo, kila mmoja maswali matano, jumla 200. Swali moja kati ya matano liwe la jambo ambalo mteja hakulisema kabisa, na jibu sahihi liwe "hujaniambia". LongMemEval, kipimo cha mwaka 2024 chenye maswali 500, kina maswali ya aina hiyo pia.

Jaribio lifanyike mara mbili, bila daftari na pamoja nalo. Tuseme, kwa mfano tu, bila daftari programu imepata 50 na pamoja nalo 128. Usikimbilie kutangaza nyongeza ya 78. Asiyekumbuka chochote husema "hujaniambia" karibu kila mara, kwa hiyo maswali yote 40 yasiyo na jibu ameyapata bure. 10 yaliyobaki amebahatisha. Mwenye daftari huenda amepata 31 tu kati ya hayo 40, maana ameokota habari ya jirani na kuifanya jibu. Kwenye maswali 160 yenye jibu amepata 97. Kwa hiyo daftari limeongeza majibu 87 na limezaa uzushi mara 9. Mwenye duka anahitaji kuziona hesabu hizo mbili kando kando.

Kwa kila kosa, fungua daftari lenyewe. Bunju haimo? Kosa ni la kuhifadhi. Imo lakini haikuletwa? Ni la kutafuta. Kosa ninaloliogopa zaidi ni la tatu: Chamazi na Bunju zote zimo, hazina tarehe, na gari linapelekwa Chamazi. Programu ikisahau anwani, mteja ataulizwa upya; hapa haulizwi mtu.

Majaribio haya pia hudanganya kwa upole. Mteja aliyetungwa na mashine husema wazi, "Nimehama, sasa naishi Bunju." Mfugaji wa kweli ataandika, "Dereva safari hii apite barabara ya Bagamoyo, nipo huku kwa dada." Je, amehama au yuko matembezini? Sentensi kama hizo ziandikwe na wakazi wenyewe, ziingizwe katika mazungumzo, kisha jaribio lirudiwe. Wiki ijayo tutaona kwa nini maswali 200 ya wateja 40 hayana uzito wa maswali 200 ya wateja 200.