Sidii ya watoto imegoma kwenye laptopu mpya? Usikubali haraka kufutiwa mafaili

Dada yangu alinipigia simu Jumamosi jioni, sauti imejaa wasiwasi. Mwanawe wa miaka saba anachelewa kusoma, na dada alikumbuka sidii ya herufi na sauti ambayo mtoto wake wa kwanza alijifunzia zamani. Aliitoa kabatini, akaazima kisomeo cha sidii na kukichomeka kwenye laptopu aliyonunua mwaka huu. Alipobofya faili la kusakinisha, kioo kilimwandikia: "This app can't run on your PC".

Fundi wa mtaani aliangalia dakika mbili tu, akasema, "Dada, laptopu yako ni ya biti 64, sidii ni ya biti 32. Haviendani. Niachie nifute kila kitu, niweke Windows ya 32." Ndani ya laptopu ile kulikuwa na picha zote za marehemu baba yetu, ambazo hazijahifadhiwa mahali pengine. Ndiyo maana alinipigia kabla ya kumjibu fundi.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kompyuta si fani yangu. Nikamtafuta rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha kompyuta. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba fundi amekosea, kwa sababu programu za biti 32 hufanya kazi vizuri tu kwenye Windows ya biti 64.

Hizi biti ni nini?

Biti ni nafasi moja inayobeba 0 au 1. Fikiria kompyuta kama mtaa, na kila nyumba ina namba yake. Kama namba ya nyumba ina nafasi 32 za 0 na 1, mtaa unaweza kuwa na nyumba 4,294,967,296 na si zaidi. Kila nyumba inahifadhi baiti moja, kwa hiyo jumla ni gigabaiti 4. Hapo ndipo Windows ya biti 32 ya laptopu za nyumbani inapokomea katika kutumia RAM. Laptopu ya dada ina RAM ya gigabaiti 8. Angekubali ushauri wa fundi, angepoteza picha na nusu ya RAM aliyoilipia.

Zaidi ya hapo, Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Fundi angelazimika kumrudisha kwenye Windows ya zamani.

Ili programu za biti 32 zisiachwe, Windows ya biti 64 ina sehemu maalumu ya kuziendesha. Ukifungua diski ya C utaona folda mbili zenye majina yanayofanana. Moja ni `Program Files`, ambamo hukaa programu za biti 64. Ya pili ni `Program Files (x86)`, na hiyo ndiyo makazi ya zile za biti 32. Huenda hata wewe unazitumia kila siku bila kujua.

Basi nini kiligoma?

Kilichogoma ni kizazi cha nyuma zaidi, yaani biti 16. Programu za DOS na za Windows 3.1 zilikuwa za biti 16. Windows ya biti 32 ilibaki na uwezo wa kuziendesha, lakini ya biti 64 haina. Prosesa ikiingia katika hali ya biti 64, inakosa ile hali ya kazi ambayo programu za DOS ziliitegemea, na Microsoft haikuweka njia nyingine ndani ya Windows hiyo.

Lakini sidii ya dada imeandikwa kwenye kasha kuwa ni ya Windows 95, ambayo ni ya biti 32. Rafiki yangu alicheka aliposikia hivyo. Alieleza kuwa miaka ile kompyuta nyingi zilikuwa bado na Windows 3.1. Watengenezaji waliandika faili la kusakinisha kwa biti 16 ili lifunguke kwenye kompyuta yoyote, na kama kompyuta ni ya zamani mno limwambie mwenyewe kwa lugha inayoeleweka. Kwa hiyo somo la mtoto lenyewe ni la biti 32, ila mlinzi wa mlangoni ni wa biti 16. Mlinzi akishindwa kuamka, hakuna anayeingia.

Windows ya biti 64 inawatambua wachache kati ya walinzi hao wa zamani na kuwabadilishia kimyakimya na wa biti 32. Wa dada hakuwemo.

Namna tulivyohakikisha

Tulifungua sidii kama folda. Faili la `setup.exe` tulilifungua kwa Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia. Mtu huona alama za ajabu tupu, lakini mistari ya mwanzo huwa na herufi za kutambulisha. Ukiona `NE`, faili ni la biti 16. Ukiona `PE` ikifuatiwa na `L`, ni la biti 32. `PE` ikifuatiwa na `d` ni la biti 64. Funga bila kuhifadhi chochote, maana ukihifadhi unaliharibu faili.

`setup.exe` lilikuwa na `NE`. Faili la somo, lililokuwa kwenye folda ya ndani, lilikuwa na `PE` na `L`. Tukainakili folda ile nzima kwenye laptopu, tukabofya faili la somo kwa kitufe cha kulia cha mausi, tukachagua Properties, kisha Compatibility, na hapo tukachagua Windows 95. Somo likafunguka. Picha zilikuwa ndogo na rangi zimeparara, lakini sauti za herufi zilisikika vizuri.

Njia hii haifanikiwi kila mara. Baadhi ya programu hutegemea vitu ambavyo kisakinishi huvipanga ndani ya Windows, na ukinakili folda tu zitagoma. Kama programu ni ya DOS, kuna DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya zamani. Kama ni ya Windows ya biti 16, inahitaji Windows ya zamani iliyowekwa ndani ya kompyuta ya kuigiza, au laptopu ya zamani iliyobaki nyumbani, isiyounganishwa na intaneti.

Mahali ambapo fundi angekuwa sahihi

Draiva ni jambo tofauti. Hii ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa kama printa au skana, na kwa kuwa inafanya kazi ndani kabisa ya Windows, lazima biti zake zilingane na za Windows. Printa ya zamani yenye draiva ya biti 32 pekee haitakubali. Kwenye kompyuta za Mac hali ni ngumu zaidi, kwani tangu toleo la Catalina la mwaka 2019 programu zote za biti 32 hazifunguki.

Kujua laptopu yako ni ya biti ngapi, fungua Settings, nenda System, kisha About, usome mstari wa System type. Na kabla fundi yeyote hajaigusa, nakili picha zako kwenye flashi.

Dada sasa ana nakala mbili za picha za baba. Mtoto ameshafika kwenye herufi M.