PlayStation Plus Ikisitishwa, Gemu Zipi Hubaki?

PlayStation Plus, huduma ya Sony kwa wenye PS4 na PS5, hulipiwa kwa ngazi tangu ilipopangwa upya mwaka 2022. Ngazi ya chini, Essential, humwezesha mwanachama kucheza na wenzake mtandaoni na kujichukulia gemu chache kila mwezi. Ngazi ya Extra huongeza maktaba ya mamia ya gemu. Malipo hujirudia yenyewe kila muda unapoisha, hivyo kufuta gemu au kuuza mashine hakuzuii makato.

Kusitisha kwenye PS5 huanzia Settings, kisha Users and Accounts, Account, Payment and Subscriptions na Subscriptions. Hapo huchaguliwa PlayStation Plus, halafu Turn Off Auto-Renew. Huduma haikatiki papo hapo: aliyekatwa malipo ya mwezi tarehe 10 Machi na kusitisha tarehe 20 huendelea kucheza hadi 10 Aprili.

Baada ya hapo, kila gemu hufuata njia iliyoingilia. Iliyonunuliwa, iwe ya diski au ya kupakua, hubaki ya mnunuzi, hata kama bei yake ilipunguzwa kwa ajili ya wanachama. Mwenye EA Sports FC ataendelea kucheza peke yake au na mgeni aliyeketi naye sebuleni. Kumkabili mpinzani wa mtandaoni ndiko kunakofungwa. Fortnite, isiyouzwa, haiguswi.

Gemu za mwezi ndizo zinazowachanganya wengi, kwa sababu dukani huonekana kana kwamba zimenunuliwa kwa bei ya sifuri. Hazifutiki kwenye mashine, ila huwekewa alama ya kufuli na hukataa kufunguka. Mwanachama akirudi, hata baada ya miaka, kufuli huondoka. Gemu za maktaba ya Extra hazina uhakika huo: hurudi tu ikiwa bado zimo maktabani na mhusika amelipia ngazi hiyo. Hasara inayouma zaidi ni ya aliyenunua nyongeza ya gemu ya maktaba. Nyongeza ni yake, lakini haichezeki mpaka anunue gemu yenyewe.

Maendeleo ya mchezo yaliyohifadhiwa ndani ya mashine hubaki. Yaliyoko kwenye seva za Sony ni vyema yapakuliwe kabla ya siku ya mwisho, hasa ya gemu za PS5, ambazo haziruhusu kunakili maendeleo kwenye flashi.

Kufuli likitokea kwenye gemu iliyonunuliwa kihalali, kwa kawaida mashine imeshindwa kuthibitisha leseni. Tiba yake ni Restore Licenses, iliyo chini ya Users and Accounts, kwenye Other. Kufunga akaunti ni jambo jingine kabisa: huko hupotea hata gemu za kupakua zilizolipiwa bei kamili, na hazirudishwi.