Pesa ya Mteja Ikikwama kwa Msafirishaji

Tuseme ni Jumanne, siku ya malipo kwa mujibu wa makubaliano, na muuza mapazia wa Kariakoo amepokea shilingi 187,560 kutoka kampuni ya vifurushi inayompelekea mizigo mikoani na kupokea pesa za wateja wake. Hakuna maelezo, ni kiasi tu na kumbukumbu namba ya muamala. Wiki iliyopita wateja watano wa Arusha, Mwanza na Mbeya walimwambia wamepokea na wamelipa: 45,000, 60,000, 38,000, 72,000 na 45,000. Jumla ni 260,000. Nauli ni 6,000 kwa kila mzigo, na kampuni hukata asilimia 2 kwa kazi ya kukusanya. Zilipaswa kubaki 224,800. Zimepungua 37,240.

Hapo wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye lawama. Upungufu unakaribia sana bei ya ule mzigo wa 38,000, basi mtu anapiga simu akiwaka kwamba pesa yake imeliwa. Lakini 37,240 si 38,000, na hiyo tofauti ndogo ndiyo inayoonyesha kwamba jambo si moja.

Mchanganuo ulipopatikana ulisema hivi. Mzigo wa 38,000 haukuingizwa kwenye malipo. Ukitoa nauli yake na asilimia 2, muuzaji alikuwa anadai 31,240. Zile 6,000 zilizobaki zilikatwa kwa mzigo mwingine kabisa, wa wiki ya nyuma, ambao mteja aliukataa ukarudishwa Dar es Salaam.

Kwa nini mzigo uliolipiwa usiingizwe? Mteja wa Mbeya alilipa taslimu Ijumaa. Dereva wa bodaboda alikabidhi pesa tawini Jumatatu, wakati hesabu ya wiki ilikuwa imeshafungwa. Kwa kampuni, hiyo ni pesa ya Jumatatu. Kwa muuzaji, ni ya Ijumaa. Wote wawili wanaweza kuapa kwamba wanasema kweli. Ndiyo maana makubaliano yasiishie kusema “tutalipa kila Jumanne”. Yaseme siku zinahesabiwa kuanzia mteja alipolipa, siyo pesa ilipofika ofisini. Dereva kukaa na pesa siku tatu ni shida ya kampuni na dereva wake.

Ombi lenyewe liende kwa maandishi kwa mhasibu, siyo kwa dereva wala kwa kijana wa mapokezi. Linaweza kuwa fupi hivi:

“Ndugu Mhasibu, habari za kazi. Leo tumepokea Sh 187,560. Kwa hesabu yetu, mizigo 5 iliyolipiwa wiki iliyopita ilipaswa kutuletea Sh 224,800 baada ya makato. Pungufu ni Sh 37,240. Tumeambatisha orodha yenye namba ya kila mzigo, tarehe mteja aliyolipa na kiasi. Tunaomba mchanganuo wa malipo haya kabla ya saa kumi jioni kesho, na pesa iliyosalia ifikapo Ijumaa. Kama kuna mzigo ambao kwenu haujalipiwa, tuandikieni namba yake.”

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Inamlazimu mhasibu kutaja mzigo, na mzigo ukishatajwa, muuzaji anampigia mteja na kuuliza alilipa lini na kwa njia gani. Kama alituma kwa simu, ujumbe wa muamala utaonyesha pesa iliingia namba ya kampuni au ya dereva.

Mchanganuo ukija, anza chini. Jumla yake iwe sawasawa na kiasi kilichoingia, hadi shilingi ya mwisho. Ukiletewa orodha nzuri yenye jumla nyingine, irudishe. Kila mzigo uwe na mstari wake, na nauli, asilimia na gharama ya kurudisha visimame mbalimbali. Zile 6,000, kwa mfano, ni halali tu kama makubaliano yanazitaja.

Pesa hiyo si mkopo wala hisani. Anayempokelea mtu malipo ni wakala wake, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka wakala atoe hesabu sahihi anapoombwa. Kampuni za vifurushi hupewa leseni na TCRA, kwa hiyo ukishalalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi bila kusikilizwa, mlango unaofuata ni huo. Nenda na makubaliano, orodha na barua zako.

Wakati shauri likiendelea, usimpe msafirishaji huyo mizigo mipya ya kulipiwa mlangoni. Kila mzigo unaoongeza ni deni jingine juu ya lile ambalo hujalipwa. Waombe wateja wakulipe wewe moja kwa moja, yeye abebe mzigo tu.